Poti inayosubiri ruhusa: RADIUS kwenye waya na waifai, na mahali inapokwama

Poti ya kawaida ya swichi humhudumia yeyote anayechomeka waya. Haimuulizi jina wala haiangalii kama kifaa ni cha ofisi au cha mgeni aliyeingia kusubiri mapokezi. Taa ikishawaka, mtandao umefunguka. Waifai ya nywila moja inayojulikana na watu wote haina tofauti kubwa, kwa sababu mfanyakazi aliyeacha kazi mwaka jana bado anayo nywila ile kwenye simu yake. Kiwango cha 802.1X, kilichotolewa na IEEE mwaka 2001 na kurekebishwa mara kadhaa baadaye, kilibuniwa kuziba pengo hilo: poti hubaki imefungwa mpaka anayetaka kuingia athibitishwe yeye binafsi, na anayeamua ni seva iliyo mahali pengine.

Kufungwa huko si kukatika kwa umeme kwenye waya. Poti iliyofungwa bado inapokea aina moja tu ya ujumbe, nao ni ule wa uthibitishaji unaoitwa EAPOL. Kila kitu kingine, hata ombi la kupewa anwani ya IP, hutupwa. Ndiyo maana kompyuta iliyokwama hapa huonekana kama imechomekwa vizuri, taa inawaka, lakini haina anwani.

Wahusika ni watatu. Wa kwanza ni programu ndogo ndani ya kompyuta au simu, inayomwombea mtumiaji ruhusa. Wa pili ni swichi, au kwa upande wa waifai, kifaa kinachorusha mawimbi. Wa tatu ni seva ya RADIUS, ambayo ndiyo yenye orodha ya watumiaji au inayojua pa kuiuliza. RADIUS yenyewe ni kongwe kuliko 802.1X. Ilianzia katika kampuni ya Livingston mwaka 1991, enzi za watu kuingia kwenye intaneti kwa kupiga simu kupitia modemu, na maelezo yake rasmi yanayotumika hadi leo ni RFC 2865 ya mwaka 2000.

Mazungumzo huanza pale waya unapochomekwa. Swichi humuuliza mwombaji yeye ni nani. Jibu lake hufungwa ndani ya pakiti iitwayo Access-Request na kupelekwa kwa seva kupitia poti ya UDP namba 1812. Seva hurudisha Access-Challenge, yaani swali la kuthibitisha, swichi humpelekea mwombaji, mwombaji hujibu, na mzunguko huo hurudiwa mara kadhaa, mara nyingi zaidi ya tano, mpaka seva itoe uamuzi: Access-Accept au Access-Reject. Swichi katika safari yote hiyo haielewi kinachosemwa. Kazi yake ni kubeba ujumbe huku na huku, na mwishoni kutii neno la seva. Jambo hili lina uzito wake wakati wa kutafuta hitilafu, kwa kuwa fundi anayekazia macho swichi peke yake anamhoji mjumbe asiyejua kilichomo ndani ya bahasha.

Neno la kukubali huja na maagizo. Seva inaweza kuiambia swichi imweke mtumiaji huyu katika VLAN fulani, yaani sehemu ya mtandao iliyotengwa kwa watu wa kundi lake, kwa kuambatisha mistari mitatu:

```
Tunnel-Type = VLAN
Tunnel-Medium-Type = IEEE-802
Tunnel-Private-Group-Id = "30"
```

Mhasibu akichomeka laptopu yake ghorofa ya pili au kwenye ukumbi wa mikutano, huangukia mtandao uleule wa uhasibu bila mtu kugusa swichi. Hapa pia kuna mtego. Ikiwa VLAN 30 haijaundwa kwenye swichi ya ghorofa ile, seva itaandika kwamba imekubali, nayo itakuwa imesema kweli, lakini poti haitafunguka au itafunguka pasipo na mtandao wowote nyuma yake. Fundi anayesoma kumbukumbu za seva peke yake atashangaa kutwa nzima. Palipo na Access-Accept pasipo na huduma, pa kuangalia ni swichi.

Waya na waifai vinatofautiana katika jambo moja lisilopaswa kupitwa. Kwenye waifai, mazungumzo ya uthibitishaji yakifaulu huzaa pia ufunguo wa siri, ambao simu na kifaa cha waifai huutumia kutengeneza funguo za kufumba data yote ya kipindi kile, kila mtumiaji na zake. Kwenye waya, 802.1X hufungua poti na kuishia hapo. Data inayopita baadaye haifumbwi, na mtu aliyeingiza kifaa chake katikati ya kompyuta iliyokwisha kuthibitishwa na tundu la ukutani anaweza kupanda juu ya ruhusa hiyo. Anayetaka kufumba data ya waya anahitaji kiwango kingine, MACsec, na vifaa vinavyokifahamu. Ni vizuri ofisi ikajua mpaka huo kabla ya kununua.

Namna ya kuthibitisha nayo hutofautiana, na kwa ofisi nyingi zimebaki mbili. Ya kwanza ni PEAP: seva huonyesha cheti chake cha kidijiti, njia iliyofumbwa hujengwa, kisha mtumiaji hutuma jina na nywila kupitia humo. Ya pili ni EAP-TLS, ambapo pande zote mbili huonyeshana vyeti na hakuna nywila kabisa. PEAP ni rahisi kuanza nayo, lakini usalama wake wote umeegemea swali moja: je, simu inakikagua cheti cha seva? Isipokikagua, mtu yeyote anaweza kurusha waifai yenye jina lilelile la ofisi, simu ikajiunga, na nywila ya mfanyakazi ikakabidhiwa kwa mgeni katika hali ambayo, tangu mwaka 2012 watafiti walipoonyesha udhaifu wa MS-CHAPv2, inajulikana kuwa huvunjika. Kwa sababu hiyo simu za Android zilianza mwishoni mwa 2020 kuondolewa chaguo la kujiunga bila kukagua cheti. Maelekezo ya ofisi yanayomwambia mfanyakazi abonyeze “endelea” kila onyo linapotokea yanaifuta kazi yote iliyofanywa.

Mfano mkubwa wa mpango huu uko vyuoni. Katika eduroam, ambayo Kenya huendeshwa na KENET na Uganda na RENU, mwanafunzi kutoka Nairobi anayefika chuo cha Kampala huingia kwenye waifai kwa jina na nywila za chuo chake. Seva ya Kampala husoma sehemu ya jina iliyo baada ya alama ya @, huona kwamba mtu si wake, na kupitisha ombi kwa mnyororo wa seva za RADIUS hadi nyumbani kwake. Nywila hukaguliwa huko huko Nairobi. Kampala hupokea uamuzi tu.

Mitambo hii inapogoma, swali la kwanza la kujiuliza ni hili: mtumiaji amekataliwa, au amenyamaziwa? Kwenye skrini yake yote mawili huonekana sawa, “imeshindwa kuunganisha”, lakini asili zake hazikutani kabisa. Aliyekataliwa amefika kwa seva, akasikilizwa, na ikaandikwa kwa nini amerudishwa: nywila si sahihi, akaunti imefungwa, cheti hakitambuliki. Hapo fundi anasoma sababu na kuirekebisha. Aliyenyamaziwa hana jibu lolote, na RADIUS imeundwa inyamaze makusudi mbele ya asiyemjua.

Chanzo cha kawaida cha ukimya ni utambulisho wa swichi yenyewe. Seva hutunza orodha ya vifaa inavyokubali kuzungumza navyo, kila kimoja na anwani yake ya IP na neno la siri linalojulikana na pande hizo mbili tu. Kwenye FreeRADIUS, seva ya bure inayotumika sana, orodha hiyo imo katika faili la clients.conf:

```
client swichi_ghorofa2 {
    ipaddr = 10.20.2.5
    secret = NenoRefuLaSiri
}
```

Swichi yenye anwani kadhaa inaweza kutuma ombi kwa anwani tofauti na iliyoandikwa hapa, hasa baada ya njia ya mtandao kubadilishwa. Seva huona mgeni, haimjibu. Neno la siri likikosewa herufi moja, au nafasi tupu ikinakiliwa pamoja nalo, saini ya pakiti haitalingana na seva itaitupa pakiti ile bila kujibu. Vifaa vya zamani navyo hutuma kwenye poti 1645, iliyotumika kabla ya 1812, na huko mara nyingi hakuna anayesikiliza. Katika yote matatu swichi itaripoti kwamba seva haipatikani, na mtu ataanza kukagua kebo ilhali seva iko hai na hata ping inajibiwa.

Njia ya haraka ya kuamua ni kuisimamisha FreeRADIUS kwa dakika chache na kuiendesha mbele ya macho kwa amri ya `freeradius -X`, au `radiusd -X` kwenye baadhi ya mifumo, kisha mtumiaji ajaribu tena. Maneno `unknown client` yakitokea, kosa liko kwenye anwani. Yakitokea `Shared secret is incorrect`, kosa limejitaja lenyewe. Skrini isipoonyesha chochote, pakiti haijafika, na sasa ndipo pa kukagua njia. Mafundi wengi hupendelea kujaribu kwa `radtest` wakiwa kwenye seva ileile, na hujiaminisha jibu likiwa zuri. Jaribio hilo linathibitisha kwamba nywila ni sahihi, basi. Halipiti kwenye swichi, halitumii neno lake la siri, na halifanyi mazungumzo ya PEAP wala EAP-TLS. Chombo kinachofanya mazungumzo hayo ni `eapol_test`, nacho kinastahili kuzoewa.

Baada ya ukimya, wasumbufu wakubwa ni vyeti. Cheti cha seva kina tarehe ya mwisho, na siku hiyo ikipita wafanyakazi wote wanaokikagua hukwama asubuhi moja bila mtu kubadilisha kitu. FreeRADIUS huja na vyeti vya majaribio vinavyotengenezwa inapowekwa, na toleo la 3 huvipa siku 60. Mradi uliowekwa kwa haraka na kuachwa na vyeti hivyo hufanya kazi vizuri kwa miezi miwili, watu wakausifu, kisha ukazimika. Kinachowachanganya wengi ni nani anayekataa. Si seva inayomkataa mtumiaji, ni laptopu inayoikataa seva. Katika kumbukumbu za FreeRADIUS hilo hujionyesha kwa onyo la TLS lenye maneno kama `certificate expired` au `unknown CA`, likiwa limepokelewa kutoka kwa mtumiaji. La pili kati ya hayo hutokea zaidi pale cheti kilipobadilishwa na kipya kimetolewa na mamlaka ambayo laptopu hazijaambiwa ziiamini. Anayehuisha cheti atumie mamlaka ileile, au aisambaze mpya kwenye vifaa vyote kabla ya kuibadilisha kwenye seva.

Tarehe ya kompyuta nayo huingia humu. Kompyuta ya mezani iliyokufa betri ya ubao wake hurudi kwenye tarehe ya kiwandani kila umeme unapokatika. Ikiwaka inaamini kwamba bado ni miaka mingi nyuma, hivyo cheti cha seva kwake hakijaanza hata kutumika. Inahitaji mtandao ili isahihishe saa, na inahitaji saa sahihi ili iruhusiwe kwenye mtandao. Kompyuta moja inayokwama kila baada ya umeme kukatika, wakati jirani zake ziko salama, iangaliwe saa kabla ya kitu kingine chochote.

Kosa gumu kuliko yote haya ni la ukubwa wa pakiti, na linaeleweka vizuri kwa mfano. Tuseme taasisi ina ofisi kuu Dar es Salaam, iliko seva ya RADIUS, na tawi Mwanza linalounganishwa kupitia faiawoli, kile kifaa kinachochuja mawasiliano yanayoingia na kutoka. Wafanyakazi wote walikuwa wakitumia PEAP na nywila, bila shida pande zote mbili. Taasisi inahamia EAP-TLS. Dar es Salaam kila laptopu inaingia. Mwanza hakuna hata moja, ingawa laptopu ileile ikibebwa kwenda Dar es Salaam inaingia mara moja.

Kwenye seva, ombi la Mwanza linaonekana likianza vizuri. Access-Challenge zinatoka, majibu yanarudi, cheti cha seva kinapelekwa kwa vipande. Kisha, zamu ya laptopu kuonyesha cheti chake inapofika, kimya. Baada ya muda FreeRADIUS inaandika onyo kwamba mazungumzo yale `did not finish!`, yaani hayakumalizika. Hakuna Access-Reject, kwa hiyo hakuna nywila, akaunti wala cheti cha kulaumu. Na mahali mazungumzo yalipokatika ndipo penye jibu: ni palepale ujumbe wa laptopu unapokuwa mkubwa kwa mara ya kwanza.

Wakati wa PEAP laptopu ilituma jina na nywila, ujumbe mdogo. Sasa inatuma cheti, ambacho pamoja na cha mamlaka iliyokitoa kinaweza kupita baiti 2000. Laptopu hukikata vipande. Programu ya wpa_supplicant ya Linux, isipoambiwa vingine, hukata vipande vya hadi baiti 1398. Swichi huongeza jina la mtumiaji, anwani yake, alama ya mazungumzo na saini, kisha baiti 28 za vichwa vya IP na UDP, na pakiti inapita kikomo cha baiti 1500 ambacho mitandao mingi hubeba. Hapo inakatwa tena, safari hii na IP yenyewe, kuwa kipande kikubwa na kipande kidogo. Kipande kidogo hakina namba ya poti, kwa kuwa namba hiyo imo kwenye cha kwanza tu. Faiawoli ya Mwanza imeagizwa ipitishe UDP 1812, inakiona kipande kisicho na namba yoyote, inakitupa. Seva inapokea nusu ya pakiti, inasubiri nusu nyingine, na kuitupa muda ukiisha. Ndani ya jengo la Dar es Salaam pakiti inakatwa vilevile, ila hakuna faiawoli njiani na vipande vyote viwili vinafika.

Ushahidi hupatikana kwenye seva kwa amri moja:

```
tcpdump -nvi any 'udp port 1812 or (ip[6:2] & 0x1fff != 0)'
```

Sehemu ya pili ya kichujio hicho inakamata vipande visivyo na namba ya poti, ambavyo anayechuja kwa poti peke yake hatavyona kamwe. Vipande vya kwanza kutoka Mwanza vikionekana vyenye alama `[+]`, inayomaanisha kuna mwenzake anafuata, na mwenzake hatokei, kesi imekwisha. Dawa bora ni kuiruhusu faiawoli ipitishe vipande vya pakiti kati ya swichi na seva. Pasipowezekana, laptopu za Linux huwekewa `fragment_size=1000` ili zikate vidogo tangu mwanzo, au RADIUS ihamishiwe ndani ya TLS kupitia TCP poti 2083, ambako tatizo la vipande vya UDP halipo. Kubadilisha vyeti, jambo ambalo watu hulikimbilia kwanza, hakusaidii kitu hapa.

Vipo pia vifaa visivyojua 802.1X kabisa: printa, kamera, mashine za kusoma vidole mlangoni. Kwa hivi swichi husubiri, ikikosa jibu hutumia anwani ya MAC ya kifaa kama jina na kuiuliza seva. Ni ulinzi dhaifu, maana anwani hiyo imebandikwa nyuma ya printa na mtu yeyote anaweza kuiiga, hivyo vifaa hivyo viwekwe kwenye VLAN yao yenye mipaka. Usumbufu wake mwingine ni muda. Swichi nyingi za Cisco, kwa mipangilio ya kiwandani, huuliza mara tatu na kusubiri sekunde 30 kila mara, hivyo hupita sekunde 90 kabla ya kugeukia MAC. Printa huwa imekwisha kuomba anwani ya IP, ikakosa, na kujipa yenyewe inayoanza na 169.254. Poti inafunguka, printa imekwisha kukata tamaa. Kupunguza kusubiri hadi sekunde 10 kwa amri ya `dot1x timeout tx-period 10` kwenye poti za vifaa hivyo hulimaliza tatizo mara nyingi. Kwenye waifai njia hii ya MAC haifai hata kidogo kwa simu, kwa sababu tangu Android 10 na iOS 14 simu hujitengenezea anwani za bandia kwa kila mtandao.

Mwisho ni seva yenyewe kuzimika. Waliokwisha kuingia huendelea kufanya kazi mpaka muda wa kuthibitishwa upya ufike, ndiyo maana hitilafu huonekana kama inawashika watu mmoja mmoja. Swichi huweza kuagizwa la kufanya seva ikiwa haipatikani, ama kufunga poti zote ama kuziweka kwenye VLAN ya dharura, na uamuzi huo lazima ufanywe na ofisi mapema, si na fundi aliye peke yake usiku. Ofisi inayowasha 802.1X iwe na seva mbili za RADIUS zisizotegemea umeme mmoja, na ijaribu kuizima moja wakati wa kazi kabla haijazimika yenyewe.